Kumbukumbu za Kikao Zilizosemwa Stoo

Chuoni kwetu kila mtu alimwita Chapa. Jina lilianza enzi za mashine za kupiga chapa, zile za chuma, ambazo yeye alizipiga kwa kasi mpaka wageni wakawa wanasimama mlangoni kumtazama. Mashine zikaondoka, kompyuta ikaja, jina likabaki. Alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa chuo. Wakuu walikuja na kwenda, mmoja kwa sherehe, mwingine kwa kusindikizwa na askari, na yeye akabaki palepale kwenye meza yake kando ya mlango wa ofisi kubwa. Mimi ni mtunza stoo wa chuo hichohicho, na nilimfahamu kuliko ndugu zake wengi walivyomfahamu. Haya ninayasimulia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo asiyependa maneno makali atafute pengine pa kukaa.

Kuna watu wana mdomo, na kuna watu wana kifua. Chapa alikuwa na kifua. Barua ya kumfukuza mtu ilipita mikononi mwake asubuhi, na mchana angekunywa chai na mtu huyohuyo bila kutikisa hata ukope. Tulijaribu kumchokonoa. Mwalimu wa uashi aliwahi kumletea keki ili aambiwe kama jina lake limo kwenye orodha ya uhamisho. Chapa akala keki, akamshukuru, akamwambia keki ni nzuri ila sukari imezidi. Mwalimu yule alisubiri wiki nzima kama sisi wengine.

Halafu vidole vikaanza. Kwanza kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, kikawa kigumu asubuhi. Kisha vyote, mpaka viungo vikavimba na ngozi ikawa inang'aa. Hospitali wakamwambia ni baridi yabisi, wakampa vidonge, wakamwambia apumzishe mikono, kana kwamba mikono ni mizigo ambayo mtu anaitua kando ya njia akaendelea na safari. Nilijua mimi kabla ya wote kwa sababu siku moja alikuja stoo na chupa yake ya chai, akaniambia nimfungulie kifuniko. Nikaona vidole vilivyovimba, nikaifungua. Kuanzia hapo nilimfungulia kila siku.

Ili msikie uchungu wake, lazima mjue alichokuwa anakishikilia. Alikuwa anakaa nyumba ya chuo, vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala, pamoja na mama yake mzazi ambaye alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa. Nyumba ile ni ya kazi. Kazi ikiisha, unarudisha funguo kwangu stoo, mimi nasaini, basi. Alikuwa na kiwanja chake pembeni ya mji, lakini kilikuwa na msingi tu na majani yaliyokwisha kuufunika huo msingi. Hakuwa anaomba makubwa. Alitaka afike umri wa kustaafu akiwa kwenye kiti chake, ili mama yake asihamishwe kabla ya wakati.

"Kaka, mimi sitaki kuonewa huruma," aliniambia. "Nataka tu wasijue."

Kwa hiyo akawa anaingia kazini kabla ya wafagizi, anapiga barua herufi moja moja kwa kidole kimoja ambacho bado kilikunjuka, ili Mkuu akifika akute kazi imelala mezani. Mkuu wetu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa shida, lakini ni kweli. Alikuwa anasalimia mpaka wapika chai, na alijua mama yake Chapa anaumwa nini. Tatizo lake lilikuwa moja tu, hakuwahi kumwambia mtu neno gumu usoni. Alikuwa analipitisha dirishani.

Aliyemletea Chapa dawa ni binti wa dada yake, aliyekuja kumjulia hali bibi yake. Alimwona mama yake mdogo anahangaika kuandika ujumbe wa maneno matatu, akamchukulia simu, akamwonyesha kialama cha maikrofoni kilichokaa juu ya kibodi. Akamwambia: "Mama mdogo, gusa hapa, sema, itaandika yenyewe." Binti akaondoka kwao. Chapa akabaki na kialama kile na ukaidi wake.

Siku ya kwanza ofisini ilikuwa aibu tupu. Kulikuwa na mashine ya fotokopi inaguguma pembeni, feni juu ya kichwa, wanafunzi mlangoni wanadai vyeti, na yeye ameinamia simu anapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Simu ikaandika vitu visivyo na baba wala mama. Alipozidi kupaza sauti ndivyo ilivyozidi kuchanganyikiwa. Mchana akaja kwangu, akasimama katikati ya stoo, akazungusha macho.

Stoo yangu upande mmoja ina rangi, misumari na mabomba. Upande mwingine kuna magodoro ya bweni, yamepangwa mpaka karibu na dari, na mafurushi ya ovaroli za wanafunzi. Ukiongea pale nyuma, sauti haikurudii, inamezwa. Yeye aligundua hilo kwa kukohoa tu.

"Funga mlango, kaka," akasema. "Na hiyo redio yako izime."

Tulijaribu kuiegemeza simu kwenye kopo la rangi, lakini nyundo za karakana zilikuwa zinatikisa rafu na simu inazisikia. Yeye mwenyewe hakuweza kuishika muda mrefu, vidole vilikuwa vinakataa. Basi nikaishika mimi.

"Unaelewa utasikia mambo," akaniambia, akinitazama kwa jicho la kiofisi.

"Nitaziba masikio."

"Kwa mkono upi? Yote miwili nimeipa kazi."

Nikamwapia kwamba yatakayosemwa nyuma ya magodoro yatabaki nyuma ya magodoro. Na mpaka leo nimetunza, isipokuwa haya yanayomhusu yeye mwenyewe, ambayo aliniruhusu.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa kishikio cha simu. Na kwa sababu nilikuwa pale tangu mwanzo, niliona jinsi alivyoifuga ile simu kama mtu anavyofuga mbwa mkali. Kwanza aliacha kupiga kelele. Akaniambia niishike kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi zisiipige. Akaongea kwa sauti anayoongea nayo na mtu aliye upande wa pili wa meza. Mara ikaanza kumwelewa.

Kisha akagundua kosa lake la pili, ambalo nadhani kila mtu hulifanya. Alikuwa anaitamkia neno moja, anatulia, anatazama kama limeandikwa, ndipo analitoa lingine, kama anayemlisha mtoto. Simu haitaki kulishwa hivyo. Inayatambua maneno kwa kuyatazama pamoja na majirani zake. Neno likija peke yake inabahatisha, likija ndani ya sentensi inajua limetoka ukoo gani. Na ukitulia sana inadhani umemaliza, inajizimia maikrofoni yake, wewe unaendelea kuhubiri hewani. Kwa hiyo akawa anaisoma sentensi yote kimoyomoyo kwanza, anaikubali, ndipo ananipa ishara kwa kidevu niguse kialama, naye anaitoa yote kwa mkupuo mmoja. Halafu tunasimama. Tunaisoma. Tunarekebisha palepale kabla ya kwenda mbele, maana siku aliyoacha marekebisho mpaka mwisho wa ukurasa, tulikaa sote wawili tunatazama mstari fulani na hakuna aliyekumbuka ulikuwa unataka kusema nini.

Nukta na mkato alitaka nizigonge mimi, kwa sababu kwenye simu ile ukitamka "nukta" kwa Kiswahili ilikuwa inakuandikia neno nukta kama ulivyolisema. Majina ya watu nayo hakuyaamini kwa mdomo. Aliingia kwenye kamusi binafsi ya kibodi, akaweka kila jina la mjumbe wa bodi na kifupi chake cha herufi mbili tatu, ili nikigonga kile kifupi jina zima lijitokeze juu ya kibodi tayari limeandikwa sawasawa. Tarakimu aliziangalia mara mbili, moja kwa miwani na moja bila miwani.

Lakini kazi kubwa ilikuwa lugha. Nyie mnajua watu wa ofisi wanavyoongea. Mkuu hawezi kumaliza sentensi bila kuichovya kwenye Kiingereza. "Hiyo procurement tume-approve, ila supplier ame-delay, so tum-follow up." Chapa aliyaandika kwenye daftari la kikao vilevile yalivyotoka, kisha akaja kuisemea simu vilevile, na simu ikaugua. Kibodi ilikuwa imewekwa Kiswahili, kwa hiyo kila neno la Kiingereza ilililazimisha liwe la Kiswahili. Akaibadilisha iwe Kiingereza, na Kiswahili chote kikawa kichekesho. Nilicheka, nikaambiwa ninyamaze kwa sababu simu inanisikia.

"Hebu tazama," akasema baada ya kuhangaika. "Neno la Kiingereza likikaa peke yake, mara nyingine linapita. Hata 'bajeti' na 'meneja' imeyazoea. Linaloikwamisha ni hili la kuchanganya damu. 'Tume-approve.' Kichwa cha huku, mwili wa kule. Halimo kwenye kamusi ya mtu yeyote."

Akapitisha sheria. Neno lililochanganya damu halisemwi, linatafutiwa Kiswahili chake kabla ya kugusa maikrofoni. Tumeidhinisha. Amechelewesha. Tufuatilie. Na pale ambapo Kiingereza hakikwepeki, labda jina la mradi au maneno ya mkataba, anamaliza Kiswahili kwanza, ananiambia nibonyeze kitufe cha nafasi mpaka orodha ya lugha itokee, nachagua Kiingereza, anasema kile kipande chote kwa pamoja, si neno moja, kisha tunarudi nyumbani. Polepole ikawa mazoea. Vidole vyangu vikajua njia.

Sitasahau kumbukumbu za kwanza alizozitoa namna ile. Alizituma kwenye kompyuta ya ofisi, akazichapa, akanionyesha karatasi bado ina joto la mashine. Hakucheka wala kuruka. Alizikunja mara moja, akaziweka ndani ya faili, akaniambia, "Mama hahami." Niliingia nyuma ya magodoro nikajifuta macho, na sioni haya kulisema.

Mambo yakaenda vizuri muda wa kutosha kumfanya mtu asahau kuogopa. Kazi yake ikawa safi kuliko zamani, maana sasa hata Kiingereza cha Mkuu kilikuwa kinafika kwenye karatasi kikiwa kimevishwa nguo. Na hapo ndipo Mkuu akaanza kushangaa. Alijua kuhusu vidole, siku nyingi tu alijua. Watu wenye macho mazuri huona, hunyamaza. Akamwuliza, kwa upole wake ule, anafanyaje.

Angeweza kudanganya. Nilimwambia hivyo. "Sema unaandikiwa na shangazi yako," nikamwambia. Lakini Chapa alikuwa na ugonjwa mwingine mbaya kuliko baridi yabisi. Alijivunia kazi. Mtu akimwuliza jambo la kazi, analieleza mpaka mwisho.

Akamfundisha Mkuu. Alikaa naye ofisini, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, akamwelekeza kama alivyonielekeza mimi. Mkuu alikuwa mwanafunzi hodari, na hilo nalo sitamnyima. Aliacha ule mchanganyiko wake alipokuwa anaongea na simu, akawa anasema Kiswahili kilichonyooka kuliko alichowahi kutusemea sisi. Akanunua simu nzuri zaidi. Nikipita dirishani namsikia: "Ndugu, ninapenda kukujulisha kwamba ombi lako limepokelewa," sauti tulivu, sentensi nzima, anatua, anasoma, anarekebisha. Alikuwa anamwita Chapa aje atazame. "Njoo uone, dada, hii nimefanya mwenyewe." Na Chapa anamsifu. Yule mwanamke alimsifu.

"Unamfundisha akuache," nilimwambia.

"Kaka, una roho nyeusi. Barua mbili tatu si kazi yangu yote."

"Hilo unalijua wewe. Yeye je?"

Akaninunia siku mbili, chupa ya chai akafunguliwa na mtu mwingine.

Bodi ya chuo ilikaa mwishoni mwa muhula, kama kawaida. Mimi huwa napeleka viti na maji ya chupa, kisha natoka. Chapa hukaa pembeni na daftari. Siku ile walipofika ajenda ya saba, Mkuu alisimamisha kikao akamwomba awapishe kidogo. Nilimkuta kwenye korido amesimama, daftari kifuani. Haikuwa mara yake ya kwanza kutolewa. Wakijadili mshahara wake au likizo, humtoa.

"Labda ni ile posho ya matibabu," akaniambia, na usoni kulikuwa na tumaini, laiti nisingeliona.

Alirudishwa kwa ajenda ya nane, kikao kikafungwa, wajumbe wakaenda kula. Mkuu akamfuata mlangoni, akampa karatasi iliyokunjwa. "Hivi ni vidokezo vyangu vya ajenda ya saba," akasema. "Naomba uviunganishe na kumbukumbu nyingine. Wajumbe wanazitaka kabla ya Ijumaa." Alisema hayo akitazama bawaba za mlango. Mimi nilikuwa nimebeba viti viwili, nikayasikia, na hata hapo sikuelewa.

Tulikwenda stoo mchana. Nikafunga mlango, nikazima redio, nikakaa kwenye furushi la ovaroli, simu mkononi, shubiri moja. Ajenda ya kwanza mpaka ya sita zilikwenda bila shida. Mabomba, mahudhurio, ukarabati wa bweni. Kisha akafungua ile karatasi, akaanza kuisoma kimoyomoyo kama ilivyo desturi yake, ili sentensi aijue kabla ya kuisema.

Alisoma muda mrefu mno kwa karatasi fupi vile. Mwishowe akanigeuzia niione. Mkuu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri, na kwa mchanganyiko wake uleule wa mdomoni. Post ya secretary imekuwa redundant. Mkuu ame-demonstrate kwamba correspondence yote anai-dictate mwenyewe kwa simu. Bodi ime-resolve post i-abolish-iwe mwisho wa muhula, holder a-hand over nyumba ya chuo.

Niliweka simu chini. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kuhusu Mkuu na kuhusu aliyemzaa, na ninamwomba radhi huyo aliyemzaa kwa sababu hakuhusika.

"Chukua simu," akasema Chapa.

"Dada, hii muachie aandike mwenyewe. Si anaweza? Si ume-" nikakwama.

"Nimeandika barua za wenzangu wote walioondolewa hapa. Ya mpishi. Ya yule mhasibu mzee. Ya mwalimu wa uashi, pamoja na keki yake. Sikuruka hata moja. Leo niruke kwa sababu ni yangu?"

"Ndiyo. Ruka."

"Zile zilipita vidoleni," akasema. "Unagonga tu, kichwa kiko kwingine. Hii lazima niiseme." Akanisogezea simu kwa kiwiko. "Chukua simu, kaka. Wanazitaka kabla ya Ijumaa."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Kwa vidole unaweza kuandika hukumu yako na mdomo ukiwa umefumba. Kwa namna tuliyokuwa tumeizoea sisi, ilibidi aitamke, kwa sauti, sentensi nzima, kwa utulivu, vizuri, na kama haikutoka vizuri aitamke tena.

Nikamwambia basi angalau ayaache yale maneno ya Kiingereza yalivyo, nitabonyeza, atayasema upesi yapite. Nilidhani kwa lugha ya watu yatauma kidogo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hayo yamechanganya damu, simu haitayashika. Na mama yangu atataka nimsomee. Atanielewa vipi?" Akakaa anatafuta Kiswahili cha kujifuta mwenyewe, midomo inacheza. Redundant ilimsumbua. Akajaribu "imezidi". Akajaribu "haina kazi", akaikataa, akasema si kweli, kazi ipo, tunaifanya hapa. Mwishowe akachagua "haihitajiki tena".

Akanipa ishara kwa kidevu. Nikagusa maikrofoni.

"Kikao kilielezwa kwamba nafasi ya katibu muhtasi haihitajiki..." Sauti ikapinda. Simu ikaandika mpaka pale ilipopinda, ikasita. Nikasubiri. Alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika, mikono yake ile iliyovimba imelala mapajani kama si yake. Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Ilimsikiliza. Haikukuta neno, haikuandika kitu, ikajizima.

Akafuta ile nusu sentensi, akanywa maji. "Sauti ikitetemeka haiandiki vizuri," akaniambia, kama vile ni mimi niliyekosea. Akajaribu mara ya pili, ikafika katikati. Mara ya tatu akanyoosha mgongo, akatazama magodoro, akasema kwa sauti ileile aliyomfundishia Mkuu, ya mtu anayeongea na mwenzake wa upande wa pili wa meza:

"Kikao kilielezwa kwamba nafasi ya katibu muhtasi haihitajiki tena, kwa kuwa mkuu wa chuo anaandika barua zake mwenyewe kwa simu. Kikao kiliazimia kwamba nafasi hiyo ifutwe mwishoni mwa muhula huu, na aliyeishika arejeshe nyumba ya chuo."

Niligonga nukta. Tukasoma. Haikuwa na kosa hata moja, hata herufi kubwa zilikuwa mahali pake. Katika siku zote tulizokaa mle ndani simu haikuwahi kuandika vizuri namna ile. Nilitamani kuipigiza ukutani. Yeye akaiangalia kwa miwani, akaiangalia bila miwani.

"Sawa," akasema. "Ajenda ya nane. Mengineyo."

Alizituma Alhamisi. Mkuu akamjibu kwa ujumbe, na alinionyesha: anashukuru, kazi safi kama kawaida yake, Mungu ambariki. Hakuja stoo, hakwenda nyumbani kwake, hakumwita ofisini. Nilisubiri siku atakayomwambia neno moja usoni, hata la uongo. Muhula uliisha nikiwa bado nasubiri. Funguo za nyumba Chapa alinikabidhi mimi, nikasaini, na mama yake akapandishwa kwenye gari la kukodi akiwa amekaa juu ya godoro nililolitoa stoo bila kumwuliza mtu. Walikwenda kupanga chumba kimoja upande wa pili wa mji. Hilo godoro wakilitafuta waje waniulize.

Bodi ilipokaa tena nilipeleka viti na maji kama kawaida. Pembeni, pale alipokuwa anakaa, hapakuwa na kiti. Kwa desturi kikao huanza kwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, nazo husainiwa na mwenyekiti na Mkuu. Jina la anayezipiga chapa halijawahi kuwekwa. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja anayependa mambo yaliyonyooka, alizipitia ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, anatafuta mahali pa kukosoa.

"Hizi zimeandikwa vizuri sana," akasema. "Kiswahili safi, sina cha kurekebisha. Nani ameziandika?"

Mkuu aliinua macho, yakakutana na yangu. Nilikuwa nimeshika chupa za maji, wala sikuwa mbali. Nilimwona akitafakari, na nilimpa nafasi yote aliyohitaji.

"Simu," akasema.

"Basi," akasema mwenyekiti, anasaini, "mnaona tuliamua vizuri."

Nikawawekea maji mbele yao, kila mtu na chupa yake, nikawafungulia na vifuniko.